Spea Imerudi Tena: Kutafuta Kosa Kwenye Tangazo Lako

Kwa miezi kadhaa tangazo langu la pampu ya maji lilikuwa mstari mmoja tu: "Pampu ya maji ya Toyota Fielder, 2012–2018, mpya, iko Barabara ya Kirinyaga." Simu zilikuja kwa wingi. Baada ya simu walikuja pia watu wa bodaboda, wengine wakichukua pampu na wengine wakizirudisha. Nilipoketi kuhesabu nikaona nimeuza kumi na moja na nne zimerudi. Mbili kati ya hizo nne zilikuwa na gasketi iliyokwisha kubanwa na madoa ya kulenti, na spea ya namna hiyo haiwezi tena kuuzwa kama mpya.

Nilichofanya kwanza ni kulaumu wateja. Hawasomi, nikajiambia. Wanaagiza wakiwa ndani ya matatu. Lakini wale wanne walikuwa wamesoma, na kila mmoja alisema Fielder yake ni ya kati ya 2012 na 2018. Walifuata tangazo langu neno kwa neno, na tangazo ndilo lililowapoteza.

Maelezo haya ni kwa mtu ambaye spea zake zinarudi na hajui kwa nini. Nitatumia pampu hiyo kama mfano karibu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu Fielder zimejaa Nairobi, na kwa sababu gari hilo lina karibu kila mtego unaoweza kumkuta muuzaji.

Kabla ya kurekebisha chochote: ziulize zilizorudi

Watu wengi wakirudishiwa spea hurudisha pesa, hunung'unika, kisha huirudisha rafuni. Hapo unakuwa umetupa habari ya bure. Spea iliyorudi inajua gari ambalo haikuingia, na gari hilo ndilo litakalokuonyesha kosa la tangazo.

Chukua daftari. Kila spea ikirudi, andika vitu vitatu kuhusu gari: kichwa cha namba ya chesisi, yaani zile herufi na tarakimu za kabla ya kistari, jina la injini, na mwezi na mwaka wa kutengenezwa kama unajulikana. Gari la kutoka Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu 17 ambayo magari ya Ulaya huwa nayo. Lina namba fupi yenye vipande viwili, kwa mfano NZE161 kisha kistari kisha tarakimu saba. Kipande cha kwanza ndicho ninachokiita kichwa. Kimeandikwa kwenye logibuku, na kipo pia kwenye bamba la chuma au stika, ama kwenye nguzo ya mlango ama kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha injini, kutegemea gari. Bamba hilohilo huonyesha jina la injini.

Wanne wangu walikuwa hivi: wawili walikuwa na NRE161, mmoja NKE165, na wa nne alikuwa na NZE141. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na NZE161, gari ambalo pampu yangu ililengwa. Baada ya kuyaona yameandikwa pamoja, hasira kwa wateja iliniisha.

Dalili: mteja anasema "mwaka ni huohuo" lakini gari ni la umbo la zamani

Huyu ndiye yule wa nne, mwenye NZE141. Aliniambia gari lake ni la 2014. Fundi wake alipoitoa pampu kwenye boksi alipiga simu akiwa amekasirika: "Mkuu, hii si ya hii gari. Hii gari ni ile ya kitambo." Na kweli, NZE141 ni kizazi kilichotangulia, kilichotengenezwa kuanzia 2006 hadi 2012. Sasa 2014 ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye usajili. Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo halijazidi miaka minane tangu kutengenezwa, na wanunuzi wengi huchukua yaliyo karibu na mpaka huo kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Gari la 2007 liliweza kushuka Mombasa na kupewa namba ya Kenya mwaka 2014. Mwenyewe alilinunua 2014, akabandika namba 2014, akalipa bima ya kwanza 2014. Ukimuuliza gari lake ni la mwaka gani atakujibu 2014 bila kusita, na wala hakudanganyi. Kwa Kenya, basi, umbali kati ya mwaka anaoutaja mteja na mwaka wa kiwandani unaweza kufika miaka saba, na ndani ya miaka hiyo kizazi kizima cha gari hupita.

Ishara ya tatizo hili ni rahisi kuiona kwenye daftari: zinazorudi zinatoka kwa magari ya kizazi kilichotangulia, halafu mteja anataja gari lake kwa herufi za namba ya usajili. "Ni KCB hiyo, si ya zamani." Herufi za namba ya usajili zinakwambia lini gari lilipewa namba Kenya. Kuhusu injini iliyo ndani hazikwambii lolote.

Dawa yake ni kuacha kuuliza "gari lako ni la mwaka gani?" Swali hilo lina majibu mawili na huwezi kujua umepewa lipi. Ukilazimika kutumia mwaka ndani ya tangazo, andika "limetengenezwa", kisha ongeza kwamba ni ule mwaka ulioandikwa kwenye logibuku kama mwaka wa kutengenezwa, si ule wa kusajiliwa. Hilo peke yake lingenipunguzia mmoja kati ya wale wanne. Watatu wangebaki.

Dalili: mwaka wa kutengenezwa ni sahihi kabisa, na bado haiingii

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Wale wawili wa NRE161 walikuwa na magari ya 2015 na 2016, yaliyotengenezwa miaka hiyo kweli. Tangazo langu lilisema 2012 hadi 2018. Wamo katikati kabisa.

Fielder ya umbo hili ilianza Mei 2012. Wakati huo ile ya lita moja na nusu ya kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele ilikuwa na injini 1NZ-FE na kichwa NZE161. Kisha Aprili 2015 Toyota walilibadilisha gari katikati ya kizazi. Sura ya mbele ikabadilika, na zile za lita moja na nusu zenye giaboksi ya sivitii na magurudumu mawili ya kuvuta zikapewa injini mpya, 2NR-FKE. Kichwa kikawa NRE161. Kwa jicho la mnunuzi bado ni Fielder ileile. Kwa pampu ya maji ni gari lingine.

Mtu atafikiri dawa ni kuandika "2012 hadi Machi 2015". Nilifikiri hivyo pia, nikaandika hivyo, nikakosea mara ya pili kwa upande mwingine. Fielder ya giaboksi ya manyuali na ile ya magurudumu manne, NZE164, ziliendelea na 1NZ-FE hata baada ya Aprili 2015. Kwa hiyo kuna Fielder ya 2016 ambayo pampu yangu inaifaa, na tangazo langu lililorekebishwa lilikuwa linaifukuza. Mteja wa namna hiyo hatakurudishia kitu wala kukupigia simu. Atapita tu, nawe hutajua umempoteza. Tatizo hilo daftari la zilizorudi haliwezi kulionyesha.

Na yule wa NKE165? Hiyo ni haibridi, iliyoanza Agosti 2013. Pampu yake ya maji ni ya umeme, haizungushwi na feni belti, kwa sababu gari hilo halina feni belti kabisa. Fundi akiifungua pampu yangu yenye mahali pa puli na kuilinganisha na ile ya umeme, anacheka kwanza kabla ya kupiga simu. Hata namba za Toyota zinazitenga: pampu ya kawaida huanza na 16100, ya umeme huanza na 161A0.

Ukiongeza ile ya lita moja nukta nane, ZRE162 yenye 2ZR-FAE, unapata kwamba maneno "Fielder 2015" yanaweza kumaanisha injini nne tofauti. Hakuna namna ya kupanga miaka itakayozitenganisha, kwa sababu zilitembea barabarani kwa wakati mmoja.

Kila spea hufuata kitu chake

Baada ya hapo niliacha kufikiri "spea hii ni ya gari la mwaka gani" nikaanza kuuliza "spea hii inafuata nini?" Naona hili ndilo swali la msingi, na kila tangazo bovu nililowahi kuliona Kirinyaga na Grogan, yangu yakiwemo, lilikosea hapo.

Spea inayofungwa kwenye injini hufuata injini. Pampu ya maji, plagi, koili, feni belti, gasketi ya hedi, filta ya oili: mwambie mnunuzi jina la injini kwanza, gari baadaye. Toyota yenye 1NZ-FE inaweza kuwa Fielder, Probox au Vitz, na mwenye Probox hatafuti chini ya neno Fielder. Lakini tahadhari hapa: injini kuwa na jina moja si kibali cha kuandika kila gari lenye injini hiyo. Toyota hubadilisha vitu vidogo kati ya gari na gari. Gari ninaliongeza kwenye orodha baada tu ya kulinganisha namba ya spea iliyopo kwenye boksi na ile ambayo katalogi inaitaja kwa kichwa hicho cha chesisi.

Spea ya nje ya bodi hufuata sura. Taa, bampa, grili na shoo havijali ni injini gani iko ndani. Vinajali ni lini kiwanda kilibadilisha uso wa gari. Kwa Fielder ya kizazi hiki uso ulibadilika Aprili 2015, kisha tena Oktoba 2017. Angalia sasa mtego: NKE165 ilianza 2013 ikapita mabadiliko yote mawili bila kichwa cha chesisi kubadilika. Kichwa kilichoniokoa kwenye pampu hakinisaidii chochote kwenye taa. Kwa taa nahitaji mwezi na mwaka wa kutengenezwa, au bora zaidi, picha ya uso wa gari lenyewe.

Breki, shoksi na bearing za magurudumu hufuata chesisi, na hapo kichwa kinasaidia sana, pamoja na kujua kama gari ni la magurudumu mawili au manne. Habu ya nyuma ya gari la magurudumu manne ina tundu lenye meno la kupokea shafti. Ya magurudumu mawili haina shafti ya kupokea. Mwaka hauwezi kukwambia hilo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika tangazo lolote, weka spea mezani na ujiulize inafungwa wapi. Jibu hilo ndilo litakalokuambia nini kitangulie kwenye mstari wa kwanza.

Tangazo la pampu, baada ya marekebisho

Hili ndilo ninalotumia sasa:

```
PAMPU YA MAJI - INJINI 1NZ-FE - FIELDER NZE161 / NZE164
Namba ya spea: 16100-_____ (tazama picha ya boksi)

INAINGIA: Fielder NZE161 na NZE164 zenye injini 1NZ-FE
HAIINGII: NRE161 (injini 2NR-FKE)
          NKE165 (haibridi, pampu ya umeme)
          ZRE162 (lita 1.8)
          NZE141 (umbo la zamani)

Mwaka hautoshi. Fielder ya 2015 ina injini nne tofauti.
Kabla ya kulipa, tuma herufi na tarakimu za kabla ya
kistari kwenye namba ya chesisi.
```

Pale penye mstari mtupu naandika namba kamili ya boksi nililonalo mkononi siku hiyo. Sinakili namba kutoka tangazo la mtu mwingine. Toyota hubadilisha namba za spea mara kwa mara, ya zamani ikapokelewa na mpya, na mteja aliyekuja na namba ya zamani anaweza kuwa sahihi ingawa haifanani na yangu. Akija na namba tofauti, naiangalia kwenye katalogi kama imerithiwa kabla ya kumwambia hapana.

Mstari wa "haiingii" ndio uliofanya kazi kubwa kuliko yote. Nilisita kuuweka. Jirani yangu wa duka alinicheka: "Sasa wewe unafukuza wateja?" Lakini mtu mwenye NRE161 akisoma "inaingia NZE161" anaweza kujiambia kwamba herufi moja si kitu, huenda ni kosa la kuchapa. Akiliona gari lake limetajwa kwa jina chini ya "haiingii", hana pa kujificha. Majina ya kuweka hapo usiyabuni. Yamo kwenye daftari la zilizorudi. Mstari wangu wa kwanza wa "haiingii" ulikuwa tu orodha ya wale wanne, na ZRE162 nikaiongeza baadaye.

Injini nimeiweka mwanzo wa kichwa cha tangazo kwa sababu ya simu. Mtu anapotafuta huona maneno machache ya mwanzo, mengine hukatwa. Ukianza na "Mpya kabisa, bei poa, original" unakuwa umeitumia nafasi hiyo kwa maneno ambayo kila mtu anayo.

Dalili: kichwa ni sahihi, tangazo limesomwa, na bado imerudi

Hutokea, ingawa si mara nyingi. Kuna sababu mbili ambazo nimezikuta.

Ya kwanza ni magari ambayo kichwa chake hakitofautishi injini. Nissan Note ya kizazi kilichoanza 2012 ni mfano mzuri. Kichwa chake ni E12, basi. Lakini E12 hiyo ina HR12DE, injini ya kawaida ya silinda tatu, na ina pia HR12DDR, yenye supachaja. Mtu akikutumia "E12" amekupa jibu kamili la swali lako na bado hujui cha kumpa. Kwa Note tangazo langu la spea za injini huomba picha ya bamba, si kichwa peke yake. Ile ya haibridi, HE12, angalau imejitenga yenyewe.

Ya pili ni injini iliyobadilishwa. Gari limeharibika injini, mwenyewe akanunua ya mtumba, fundi akaifunga, maisha yakaendelea. Chesisi inasema jambo moja na kilichomo chini ya boneti ni kingine. Katalogi itakuonyesha ilichotoa kiwandani, haiwezi kujua kilichofanyika gereji. Ishara yake ni kwamba kila kitu kwenye karatasi kinakubaliana na fundi bado anakataa. Hapo usibishane na fundi. Mwombe apige picha ya jina na namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini. Namba za injini za Toyota huanza kwa jina fupi la injini, kama 1NZ au 2NR, kwa hiyo picha moja humaliza ubishi. Nimeongeza mstari kwenye matangazo yote ya injini: "Kama injini imewahi kubadilishwa, tuma picha ya namba iliyo kwenye injini yenyewe."

Dalili: inaingia gari lakini si upande huo

Hili ni fupi. Kulia na kushoto huhesabiwa ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva ukitazama mbele. Lakini mteja anayepiga picha ya taa iliyovunjika husimama mbele ya gari akilitazama, na taa iliyo mkono wake wa kulia ni ya kushoto ya gari. Nusu ya makosa ya taa niliyokutana nayo ni hayo tu. Sijaandika tena "kulia" wala "kushoto" peke yake. Naandika "upande wa dereva" na "upande wa abiria", na kwa Kenya hakuna atakayechanganya.

Kwa taa kuna msaada mwingine. Kioo cha taa ya Japani huwa na jina la mtengenezaji, kwa mfano Koito au Stanley, na namba fupi iliyochorwa ndani ya plastiki. Namba hiyo ikifanana kwenye taa ya zamani na kwenye yako, sura ni moja. Bado kuna jambo la balbu: gari la sura ileile linaweza kuwa na taa ya halojeni au ya eledii, na soketi za nyaya hazifanani. Kwa hiyo picha mbili, ya namba ya kioo na ya soketi kwa nyuma. Nazipiga za taa yangu nikaziweka kwenye tangazo, na namwomba mteja za kwake.

Dalili: mteja hatumi chochote, analipa tu

Hii ndiyo ngumu. Unaamka unakuta pesa ya M-Pesa imeingia saa saba usiku na ujumbe mmoja: "Nitumie Kitengela." Hajataja kichwa wala injini.

Zamani nilikuwa natuma, nikijiambia amesoma. Sasa pesa ikiingia bila kichwa cha chesisi spea haitoki dukani. Namwandikia kwamba nimeipokea na nimemwekea, na kwamba nasubiri picha ya logibuku au ya bamba. Namwambia afunike jina lake na namba ya usajili kwa kidole. Sihitaji vyote hivyo, nahitaji mstari wa chesisi na wa injini tu. Wengine hukasirika. Mmoja aliniita KRA. Lakini wakishatuma, mara mojamoja inaonekana kwamba spea waliyoilipia si yao, na nauli ya bodaboda kwenda na kurudi Kitengela inabaki mfukoni.

Kinachosaidia pia ni kuamua mapema nani atabeba gharama, na kuiandika. Kama kichwa alichonitumia kiko kwenye mstari wa "inaingia" na bado haikuingia, kosa ni langu, na nalipa nauli zote mbili. Kama alikataa kutuma, au gari lake liko kwenye "haiingii", nauli ni yake. Na spea iliyokwisha kufungwa ikaguswa na kulenti hairudi kwa vyovyote, kwa hiyo mwambie fundi alinganishe pampu mpya na ya zamani zikiwa mezani, kabla ya kupaka gundi au kubana gasketi. Mafundi wazuri hufanya hivyo bila kuambiwa. Hata hivyo, iandike.

Spea zisizo na boksi

Kuna aina moja ambayo bado sijaipatia dawa kamili, nayo ni spea za mtumba kutoka Japani zinazokuja kwa magunia bila karatasi. Koili, sensa, taa za nyuma. Hujui zilitoka gari gani. Zile zenye namba iliyogongwa mwilini ninaziorodhesha kwa namba hiyo na kwa gari ambalo katalogi inalitaja. Zisizo na namba siandiki gari lolote. Naweka picha ya pande zote, soketi ikionekana vizuri, na rula kando yake, kisha naandika: "Linganisha na yako. Siahidi gari." Zinauzwa polepole sana. Lakini wanaozinunua ni mafundi wanaojua wanachotafuta, na tangu nianze hivyo hakuna iliyorudi.

Wiki iliyopita mwanamume mmoja wa Rongai alinipigia kuhusu pampu ileile. Nikamwomba kichwa, akaenda nje na tochi, akarudi kwenye simu: "Inasema NRE161, boss. Si ni kama hii yako?" Nikamwambia asome mstari wa "haiingii" kwenye tangazo. Kimya kidogo, halafu akacheka. Nilimpa jina la duka la tatu kutoka kwangu, ambako za 2NR huwa hazikosekani, na pampu yangu ikabaki rafuni na gasketi yake safi.